Bluu ya ziwa inapotoka zambarau: andaa faili kabla ya kuileta kuchapwa

Msimu wa kalenda ukikaribia, kitengo chetu cha uchapaji hapa Kigoma hupokea lalamiko lile lile: mchoro ulikuwa unawaka kwenye kompyuta, ukatoka mashineni umefifia. Wengi huhitimisha kwamba tumebania wino. Hatujabania. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, karatasi hutengeneza kwa wino nne, yaani CMYK: sayani, majenta, njano na nyeusi. Zipo bluu na kijani kali ambazo wino hizo haziwezi kuzifikia, hata tukimwaga kopo zima.

Chukueni mfano wa mchoro mmoja tulioletewa, wa mwalo wa Kibirizi alfajiri, wavuvi wa dagaa wakirudi. Mchoraji alipaka maji kwa bluu kali kabisa ya skrini, yaani RGB 0, 0, 255, kisha akachora viwimbi kwa bluu nyingine zilizo jirani nayo. Kwenye skrini kila kiwimbi kilionekana. Kwenye karatasi maji yalitoka bapa, tena ya zambarau.

Yalitokea mambo mawili. Kwanza, kila aina ya uchapaji na karatasi ina profaili, yaani maelezo ya rangi inazoweza kutoa, na kwa profaili ya U.S. Web Coated (SWOP) v2, bluu ile hugeuka kuwa sayani takriban asilimia 88 na majenta asilimia 77. Majenta ikiisogelea sayani kiasi hicho, jicho linaona zambarau. Pili, bluu zote zilizokuwa nje ya uwezo wa wino zilisukumwa hadi kwenye ukingo ule ule, zikakaribia kulingana. Kiwimbi na maji yanayokizunguka vikawa rangi moja. Hapo ndipo undani ulipopotelea, na hakuna fundi wa mashine anayeweza kuurudisha.

Tiba inaanza mchoro ukiwa bado RGB. Tunzeni nakala hiyo, kisha tuulizeni tunatumia profaili gani kwa karatasi mnayoitaka, kwa sababu karatasi isiyong'aa hunywa wino na uwezo wake wa rangi ni mdogo zaidi. Katika Photoshop, ichagueni profaili hiyo kwenye View > Proof Setup > Custom, halafu washeni View > Proof Colors. Mchoro utapoa mbele ya macho yenu. Msishtuke wala msiizime. Hiyo ndiyo sura ya karatasi. View > Gamut Warning itafunika kwa kijivu sehemu zilizo nje ya uwezo, ila haisemi zimezidi kwa kiasi gani, kwa hiyo msihangaike kufuta kila doa.

Katika mchoro wa Kibirizi, tulimshauri mchoraji apunguze ukali wa bluu peke yake kwa Hue/Saturation, bila kugusa taa za mitumbwi. Kisha kwa Curves akapandisha mwanga wa migongo ya viwimbi na kushusha vivuli vyake. Tofauti iliyokuwa inabebwa na ukali wa rangi sasa ikabebwa na mwanga na giza, na hiyo karatasi inaiweza vizuri. Baada ya kugeuza mchoro kuwa CMYK, maji tuliyasawazisha yakawa karibu sayani asilimia 100 na majenta asilimia 65. Bluu ikabaki bluu.

Kugeuza kunafanyika kwa Edit > Convert to Profile. Narudia: Convert, si Assign. Assign Profile huacha namba za faili zilivyo na kubadili tafsiri yake tu. Kwenye sehemu ya Intent, kwa mchoro wenye rangi kali nyingi, jaribuni Perceptual, inayozibana rangi zote pamoja ili tofauti kati yake ibaki. Relative Colorimetric huacha zinazowezekana karibu zilivyo na kuzikata zilizozidi. Tazameni zote mbili kwenye viwimbi, ndipo mchague. Na tafadhali, kugeuza CMYK kurudi RGB hakufufui rangi iliyokwisha kukatwa. Hili tunalieleza kila wiki.

Kuhusu utaratibu: faili ya RGB ikiletwa bila maelekezo, tunairudisha na kazi inapoteza nafasi yake kwenye foleni. Ikiwa sawa, tunatoa sampuli moja. Mteja anaitazama dirishani, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa, kisha anasaini na kuandika tarehe nyuma yake. Anayesaini kwa niaba ya taasisi alete barua. Baada ya saini tunatengeneza pleti nne, moja kwa kila wino. Mabadiliko ya rangi yakiombwa hapo, mteja analipia pleti mpya na karatasi iliyokwisha kutumika. Sampuli iliyopigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp hatuikubali kama uthibitisho, kwa sababu picha hiyo imesharudi kuwa mwanga wa skrini.