Si kila chenye tumbo la mviringo ni udi

Kila wiki naletewa picha za ala za muziki za nyuzi kwenye simu: "Fundi, huu udi wa babu una thamani gani?" Nusu yake si udi. Watu wameona tumbo limeviringana kama embe, basi wameshahukumu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, hasa tunaponunua vitu vya zamani hapa Dar kwa kuangalia picha tu.

Tumbo la mviringo unalikuta kwenye udi na kwenye gambusi pia. Tofauti iko kwenye ujenzi. Udi umeungwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa na kugandishwa ubavu kwa ubavu, na uso wake ni ubao wenye tundu moja au matatu ya sauti, mara nyingi yenye nakshi. Gambusi la asili limechongwa kwenye gogo moja, tumbo hadi shingo, na uso wake umewambwa ngozi. Kwa hiyo tazama pale tumbo linapokutana na shingo. Kwenye udi utaona kiungo, shingo inaanza ghafla. Gambusi linapungua polepole mpaka linakuwa shingo.

Sasa nyuzi, na hapa ndipo ninapokasirika. Msihesabu nyuzi! Nyuzi hukatika, na mwenye ala huziacha hivyo hivyo miaka. Hesabuni vigingi vya kukazia nyuzi pale kichwani, na tundu la kigingi kilichopotea lihesabiwe vilevile. Udi wa kawaida una nyuzi 11, yaani jozi tano na mmoja wa peke yake, kwa hiyo vigingi 11, ingawa wapo wenye zaidi. Gambusi la kizamani la Yemeni lina 7: jozi tatu na mmoja.

Juzi imekuja picha moja: nyuzi nne, mwenyewe ameandika "udi mdogo". Nikakuza kichwa. Vigingi vitatu upande mmoja, viwili upande wa pili, na katikati yao matundu mawili matupu. Jumla saba. Kichwa chenyewe kimepinda taratibu kurudi nyuma, wakati cha udi huvunjika kwa pembe kali pale shingo inapoishia. Uso ulikuwa na ngozi iliyochakaa pembeni. Gambusi.

Lakini vigingi vinaweza kudanganya. Gambusi za Ngazija na visiwa jirani hutofautiana idadi ya nyuzi, na mafundi wengine huweka vigingi vya gita, au huondoa ngozi na kubandika plaiwudi. Hapo mimi huuamini mgongo na shingo peke yake, na hata hivyo nasita kama picha imepigwa kwa mbele tu, maana pembe ya kichwa haionekani.

Kwa hiyo mkinitumia picha, leteni tatu: mbele, ubavuni, na kichwa kwa karibu. Ya mbele peke yake sitaijibu.