Ugomvi wa dawati: somo moja la kusuluhishana kwa darasa la nne

Walimu wenzangu wa msingi huku Mbeya, Iringa, Njombe na wazazi mnaopita hapa, leo naandika kama mkufunzi wa chuo cha ualimu, na nataka tuchukue somo moja tu la dakika 40 tulipitie mwanzo mwisho, lile la kuwafundisha watoto kumaliza ugomvi wenyewe kwa kuigiza. Wengi tunalifundisha kwa kuandika ubaoni "tusigombane, tusameheane", watoto wananakili, kengele inagonga, alafu wanatoka nje wanapigana bombani kwenye foleni ya maji. Mtoto hajifunzi kusuluhisha kwa kunakili, lazima mdomo wake uyatamke yale maneno akiwa na hasira kidogo, hata kama hasira yenyewe ni ya kuigiza.

Cha kwanza ni kuchagua ugomvi wenyewe. Usichukue kesi ya kweli iliyotokea jana darasani, maana watoto husika watajisikia wamewekwa kizimbani na wengine wote watashika upande. Tunga kisa kinachofanana na maisha yao, na wahusika uwape majina ambayo hakuna mtoto darasani anayo. Mimi nakitumia sana hiki: ni mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua ya Uyole au Makete, darasa dirisha moja halina kioo. Dawati moja wamekaa watatu, Neema, Lusajo na Tabu. Neema kakaa katikati. Lusajo kaja, kasukuma begi la Neema ili akae yeye katikati, daftari likadondoka chini kwenye matope yaliyoingia na viatu, ukurasa mmoja ukachanika, darasa zima likacheka. Neema akasimama kamshika Lusajo shati. Hapo hapo mwalimu unasema "simama!" na waigizaji wanaganda kama walivyo.

Hiyo "simama" wafundishe kabla ya kuanza na waifanyie mazoezi, maana usipofanya hivyo watoto wanaupenda ugomvi kuliko usuluhishi, wataigiza kupigana dakika kumi na tano darasa linashangilia na muda umeisha. Sehemu ya ugomvi isizidi dakika tatu na mikono isigusane kwa nguvu. Ukiona kelele za kushangilia zinazidi sauti za waigizaji, ujue tayari imekua komedi, gandisha hapo hapo.

Sasa anaingia msuluhishi, naye ni mwanafunzi. Mpe kazi moja tu mwanzoni, kuhakikisha kila mmoja anaongea mpaka amalize alafu mwenzake anarudia alichosikia. Neema anasema, "Nilikua nimekaa zangu, ukasukuma begi, daftari langu la hesabu likachanika." Lusajo hajibu bado, anarudia kwanza: "Unasema ulikua umekaa, mimi nikasukuma begi na daftari likachanika." Msuluhishi anamuuliza Neema, "Ndivyo ulivyosema?" Akisema hapana, inarudiwa. Akisema ndiyo, ndo zamu ya Lusajo inafika.

Hapa ndo pagumu kuliko pote, nawaomba msiparuke. Mtoto akiambiwa arudie maneno ya mwenzake anajitetea katikati, utasikia "anasema nimechana daftari lakini sio mimi ni begi lilidondoka lenyewe". Hilo neno "lakini" ndo dalili kwamba hakua anasikiliza, alikua anaandaa jibu. Msimamishe kwa upole, aanze tena bila lakini. Usimkaripie maana hata sisi wakubwa kwenye vikao vya ukoo tunafanya hivyo hivyo. Wakishaweza mara mbili tatu utaona sauti zenyewe zinashuka, mtoto akisikia maneno yake yanatoka kwenye mdomo wa mwenzake vizuri anaacha kupiga kelele.

Kwenye zamu ya Lusajo ndo inatoka stori ambayo hakuna aliyeijua: yeye hana sweta, anakaa pembeni upande wa dirisha na asubuhi upepo unampiga mpaka vidole havishiki peni. Na msuluhishi akimuuliza Neema kwa nini lazima katikati, anasema akikaa pembeni upande wa dirisha jua likishapanda ubao unang'aa haoni kitu. Hizi sababu mbili waandikie waigizaji kwenye vikaratasi kabla, kila mmoja asome chake kimya asimwonyeshe mwenzake, na wasizitoe mpaka waulizwe "kwa nini?". Msuluhishi asipouliza, hazitoki, na darasa linajionea lenyewe kwamba wote wanagombea sehemu moja ila shida zao ni mbili tofauti.

Kwenye kutaja hisia, msipeane orodha ndefu. Maneno manne yanatosha darasa la nne: hasira, huzuni, aibu, woga. Chora sura nne ubaoni, hata kama huna mkono wa kuchora ni duara, macho na mdomo tu. Waambie hasira mara nyingi haiji peke yake, kuna kitu kimetangulia. Muulize Neema, "Kabla hujamshika shati, ulijisikiaje?" Wengi watajibu hasira, sawa, muulize tena, "Na pale darasa lilipocheka?" Hapo ndo mtoto anasema aibu. Lusajo naye, huyu usishangae akisema "sikujisikia chochote", maana mtoto wa kiume huku kwetu tangu ananyonya anaambiwa jikaze. Msaidie kwa mwili: kifua kilikua kinadunda? koo lilikaba? mikono ilikua inatetemeka ni baridi au kitu kingine? Na kama ni watoto wadogo, la kwanza la pili, na hilo neno linamjia kwa Kinyakyusa au Kihehe, mwache aliseme hivyo hivyo, wenzake watamsaidia kulipata kwa Kiswahili.

Kosa linalojirudia hapa ni lawama iliyovaa nguo za hisia. Mtoto anasema "najisikia wewe ni mchokozi" au "najisikia unanionea". Hizo zote zinamsema mwenzake, yeye mwenyewe hajasema yuko vipi. Wape sentensi moja waishike: "Niliona aibu pale daftari lilipodondoka wakacheka, naomba uniombe kabla ya kusogeza begi langu." Hisia, tukio, ombi. Msuluhishi akisikia neno "wewe" limetangulia, anaomba ianze upya.

Alafu makubaliano. Watoto wataleta haraka haraka majibu mawili. La kwanza, "aombe msamaha yaishe". Msamaha ni mzuri ila mtoto aliyelazimishwa kusema samahani kesho anasukuma begi tena kwa sababu baridi iko pale pale. La pili, "wabadilishane kila siku, leo huyu kesho yule". Linasikika la haki, nusu kwa nusu, lakini angalia: siku ya Neema, Lusajo anaganda asubuhi nzima, siku ya Lusajo, Neema haoni ubao mchana. Kila mmoja anapata nusu ya siku zake na shida yake haijaisha. Waulize darasa, baridi inakua kali saa ngapi? Watakwambia asubuhi mpaka mapumziko ya saa nne. Ubao unang'aa saa ngapi? Baada ya hapo. Kaa kimya sasa. Acha wafike wenyewe, itachukua dakika moja ya ukimya ambayo walimu wengi hatuivumilii, ila kuna mkono utanyooka tu: Lusajo akae katikati mpaka mapumziko, Neema akae katikati baada ya mapumziko.

Bado haijaisha. Tabu je? Yeye anakaa dawati hilo hilo na hajaulizwa chochote, na hao wawili wakianza kupishana kila siku yeye ndo atakua anasimama kuwapisha. Makubaliano ya watu wawili yanayomhusu wa tatu lazima wa tatu akubali. Mara nyingi Tabu anasema sawa ila na yeye wasimrukie miguu. Na daftari lililochanika? Lusajo anaunakili ule ukurasa wakati wa mapumziko kwa sababu kuchanika kumetokea kwa mkono wake hata kama hakukusudia.

Kujua kama ni haki kweli, msuluhishi anawauliza kila mmoja aseme makubaliano kwa maneno yake, nani anafanya nini saa ngapi, na alafu anawauliza, "Ungepewa sehemu ya mwenzako ungekubali?" Akisita, mnarudi nyuma kidogo. Kuangalia chini na kusema "sawa" kwa sauti ndogo sio kukubali, hiyo ni kuchoka au kumuogopa mwenzake. Na mwalimu, jizuie kutoa hukumu. Msuluhishi mtoto naye akianza "mimi naona Lusajo ndo mwenye kosa" ameshakua hakimu, mkumbushe kazi yake ni kuuliza tu.

Sasa darasa la watoto 70 unafanyaje? Kundi moja linaigiza mbele dakika kama 15 huku wewe unagandisha na kuuliza, kisha dawati la mbele linageukia la nyuma, watoto sita, watatu wanaigiza, mmoja msuluhishi, wawili ni watazamaji. Watazamaji wape kazi maalum: mmoja asikilize "lakini" ngapi zimetoka, mwingine aangalie kama Tabu ameulizwa. Usipowapa kazi watapiga stori. Mzunguko wa pili Neema na Lusajo wanabadilishana nafasi, usiuache huu hata kama muda umebana, maana aliyekua anatetea sweta sasa anatetea ubao.

Mwisho wa kuigiza, kila muigizaji asimame aseme jina lake la kweli, "mimi ni fulani, sio Lusajo tena". Inaonekana kitu kidogo ila bila hivyo aliyeigiza mchokozi anatoka na jina hilo mpaka kijijini, na mwakani hakuna atakayekubali kuigiza.

Njia hii ina mpaka wake, na watoto waambiwe wazi. Ni ya watu wawili wenye nguvu karibu sawa wanaogombea kitu. Mtoto mkubwa anayemnyang'anya mdogo hela ya vitumbua kila siku, huo sio ugomvi wa kusuluhisha, ni uonevu, ukiwakalisha pamoja unamlazimisha mdogo apatane na anayemtisha, na nje ya darasa atalipia. Kupigwa, kutishwa, kuguswa vibaya na yeyote, mtoto hasuluhishi, anamwambia mwalimu wa malezi au mtu mzima anayemwamini, na kuna simu ya bure ya huduma kwa mtoto, 116.

Wiki inayofuata tenga dakika tano, uliza magomvi gani ya kweli yametokea na wamefikia wapi. Wengi watakua wamekumbuka kuongea kwa zamu ila wamesahau kurudia maneno ya mwenzao, ndo kinachopotea kwanza, kwa hiyo rudieni hicho kipande peke yake, na safari hii waigize ugomvi wa foleni ya bombani.