Jiwe la njano kwenye picha: dhana tano kuhusu dhahabu, pairaiti na ulanga

Picha ninazotumiwa mara nyingi zaidi zinafanana: kiganja cha mkono, jiwe jeupe, vidoa vya njano vinavyomeremeta, na chini yake swali moja, "Hii ni dhahabu?" Ya mwisho imetoka kwa kijana wa Chunya, na nitairudia humu kwa sababu ilipitia karibu kila kosa ambalo watu hufanya.

Dhana: Kikimeremeta sana, ndiyo dhahabu yenyewe.

Ukweli ni kinyume kidogo. Dhahabu haimeremeti sana. Inang'aa kwa utulivu, kama pete iliyovaliwa miaka mingi. Kinachowaka na kuzima ukigeuza jiwe ni kitu chenye nyuso bapa, ambazo hurudisha mwanga kama kioo zinapolielekea jua, na zikigeuka zinafifia. Pairaiti, madini ya chuma na salfa, iko hivyo, na ulanga pia. Ulanga mweusi uliolala muda mrefu kwenye udongo hugeuka rangi ya shaba ya dhahabu, na ndio huo unaowafanya watoto wa mtoni wajaze mifuko mchanga.

Kwa hiyo picha ya kwanza ya kijana wa Chunya haikunisaidia kitu. Aliipiga usiku kwa taa ya simu, na taa ya simu hufanya kila chenye uso laini kiwe nyota. Nilimwomba aitoe taa, akae kivulini mchana, apige picha tatu za jiwe lilelile akiligeuza kidogo kidogo. Dhahabu hubaki na njano yake hata kivulini na kila upande. Vidoa vyake viwili vilizima kwenye picha ya pili, na kimoja kikawaka kwenye ya tatu.

Hapo pia ndipo unapotenganisha mng'ao wa metali na mng'ao mwingine. Pairaiti haipitishi mwanga hata pembeni. Ulanga una mng'ao wa lulu au wa kioo, na ukiuchokoa kwa sindano unabanduka karatasi moja moja, nyembamba kiasi cha kuona mwanga ng'ambo yake. Dhahabu ukiichokoa inabonyea.

Dhana: Jiwe lenye pembe nne safi limechongwa na mtu.

Pairaiti hukua yenyewe ikiwa na umbo la mchemraba, na kuna michemraba iliyonyooka kiasi kwamba ukiiona mara ya kwanza utaapa imetoka kiwandani. Ukiisogelea kwa kamera utaona mistari myembamba sambamba juu ya uso, na ukigeuza uso wa jirani, mistari yake inakwenda upande mwingine, kama mkeka uliosukwa kwa njia mbili. Huo ni ushahidi mzuri kuliko rangi. Dhahabu hupatikana kwa nadra sana ikiwa fuwele kamili. Kwenye kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, utaiona kama nyuzi, vijani au vipande vilivyobanwa kwenye nyufa, visivyo na pembe.

Ila umbo lina hila zake. Kuna michemraba ya rangi ya kutu ambayo zamani ilikuwa pairaiti: maji na hewa vimeondoa salfa, chuma kimebaki kama kutu, na umbo la zamani limesimama palepale. Ukiangalia umbo tu utasema pairaiti, na utakosea. Tena usichanganye fuwele na kipande kilichovunjika. Galena, jiwe la risasi, hukatika kwa pembe mraba hata ukilipiga nyundo ovyo, lakini lina rangi ya kijivu cha metali na ni zito mkononi.

Dhana: Rangi ya unga ni ileile ya jiwe, kwa hiyo kulisugua ni kupoteza muda.

Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hukiruka na ndicho ninachokiamini zaidi. Ukisugua pairaiti ya njano kwenye kauri isiyo na rangi ya kung'aa, inaacha mstari mweusi wenye ukijani kwa mbali. Hematiti, madini ya chuma, hata iwe nyeusi na yenye mng'ao kama chuma, huacha mstari mwekundu wa udongo. Dhahabu huacha njano ya dhahabu, kwa sababu haigeuki unga: inajipaka tu.

Huhitaji kununua kifaa. Geuza kikombe cheupe cha kauri. Ule mduara wa chini unaokwaruza meza haujapakwa rangi ya kung'aa, na unatosha. Mgongo wa vigae vingi vya ukutani ni wa udongo mwekundu, huo hautufai, kwani mstari wa hematiti utapotea humo. Hakikisha unachosugua ni kidoa chenyewe. Wengi husugua kwatzi iliyoshika kidoa, kisha wananitumia mstari mweupe. Kwatzi ni ngumu kuliko kauri, hivyo huo weupe ni unga wa kikombe.

Unapoupiga picha mstari, weka karatasi nyeupe kando yake. Simu hujirekebisha rangi kivyake, na bila karatasi mweusi-kijani unaweza kutoka kahawia.

Dhana: Mstari mmoja unamaliza kesi.

Rudi kwenye jiwe la Chunya. Baada ya picha za kivulini, kidoa kikubwa kilionyesha pembe nne na mistari. Unga wake, mweusi. Hicho nilikiita pairaiti bila wasiwasi. Lakini kulikuwa na kidoa cha pili, chenye njano iliyokolea zaidi, bila pembe, na ukingoni kulikuwa na rangi za zambarau na buluu kama mafuta juu ya maji. Unga wake pia ulikuwa mweusi-kijani.

Kwa mstari peke yake, hivi viwili ni ndugu. Nikamwambia achukue ncha ya kisu cha jikoni, akwaruze kila kimoja, apige picha tena. Pairaiti haikuguswa, kisu kiliteleza. Kile cha pili kilichimbika na kuacha unga mweusi ndani ya mkwaruzo. Ni kalkopairaiti, madini ya shaba. Kingekuwa dhahabu, kisu kingeacha mfereji unaong'aa njano, bila unga. Kati ya vyote alivyonitumia, picha ya mkwaruzo huo ndiyo iliyotenganisha.

Dhana: Kama ni pairaiti, tupa jiwe.

Hapa wengi hukosea kwa upande wa pili, na wenye ujuzi kidogo ndio hukosea zaidi. Dhahabu na pairaiti hukaa pamoja mara nyingi. Kule Geita, sehemu ya dhahabu imo kwenye miamba ya chuma yenye tabaka, mahali ambapo maji ya moto yenye salfa yaligeuza madini ya chuma kuwa pairaiti, na dhahabu ikatua humohumo. Chembe zake huwa ndogo mno kuonekana kwa jicho, au hata kwa kamera ya simu yoyote.

Mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa tani una sehemu 5 kwa kila milioni. Hakuna mng'ao, umbo wala mstari utakaokuonyesha hilo. Kijana nilimwambia asilichome jiwe jikoni kama alivyoshauriwa na jirani, maana pairaiti ikipata moto hutoa moshi wa salfa unaokaba kifua. Avunje vipande kutoka sehemu kadhaa za mshipa, siyo kile kizuri peke yake, avipeleke maabara vikapimwe kwa tanuru. Alichonitumia kilikuwa kipande kimoja, kikubwa kama kiberiti, alichokiokota kwa sababu kilimeremeta.