Kutoka swali la maelezo hadi jedwali la alama: mfano wa mvua ya Kilimanjaro

Walimu wa shule jirani mjini Moshi wanapotunga mtihani wa pamoja, karatasi ya maswali hukamilika mapema, na mwongozo wa usahihishaji huachwa hadi siku ya kusahihisha. Hapo kila mmoja husahihisha kwa mwongozo ulio kichwani mwake. Tuchukue swali moja la jiografia tuone jinsi ya kulivunja.

"Mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro hupata mvua nyingi kuliko wa kaskazini. Kwa kutumia mchoro, eleza jinsi mvua ya milima inavyotokea. Eleza sababu mbili zinazofanya watu wengi waishi upande wa kusini, kisha taja tatizo moja linaloletwa na msongamano huo. (Alama 12)"

Anza kwa kutenganisha taarifa na maagizo. Sentensi ya kwanza ni taarifa: mwanafunzi amepewa, hivyo akiirudia hapati kitu. Kisha pigia mstari maagizo. Hapa yako manne: chora, eleza, eleza, taja. Agizo ndilo linalopanga uzito. "Taja" ni alama moja kwa hoja, basi. "Eleza" inahitaji hoja na ufafanuzi wake, kwa hiyo kila sababu inabeba mbili. Ukigawa alama kwa kuangalia urefu wa sentensi za swali, utampunja mwanafunzi palepale ulipompa kazi kubwa.

| Sehemu | Jibu linalokubalika | Alama |
|---|---|---|
| Mchoro | Mshale wa upepo ukipanda mteremko (1). Mawingu au mvua upande unaokabili upepo (1). Upande mkavu umeandikwa jina (1) | 3 |
| Maelezo | Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hulazimika kupanda mlima (1). Hewa ikipanda hupoa (1, lazima). Mvuke hugeuka matone na kufanya mawingu (1). Mvua hunyesha upande unaokabili upepo (1). Hewa hushuka upande wa pili ikiwa kavu (1) | zisizidi 4 |
| Sababu mbili | Udongo wa volkano una rutuba (1), hivyo migomba na kahawa hustawi (1) / Mito na mifereji ya jadi iitwayo mifongo (1) huwapa watu maji ya nyumbani na ya kumwagilia (1) / nyingine sahihi | 2 × 2 = 4 |
| Tatizo | Vihamba, yaani mashamba ya familia, kuwa vidogo / ukataji wa miti / migogoro ya ardhi | 1 |

Jumlisha alama za jedwali kabla ya kuendelea: 3, 4, 4 na 1 ni 12. Isipolingana na karatasi, rekebisha jedwali. Karatasi iliyokwisha chapwa haiguswi.

Safu ya maelezo ndiyo inayoleta ubishi. Ina hoja tano kwa alama nne, ili mwanafunzi asiadhibiwe kwa kuacha moja. Lakini ukiandika tu "zozote nne", anayeruka kupoa kwa hewa atapata alama zote, ilhali kupoa ndiko kunakoleta mvua. Ndiyo maana nimeweka "lazima": asiyeitaja hoja hiyo haruhusiwi kuzidi tatu. Wengine wataona ni ukali. Mimi naona bila sharti hilo swali halipimi uelewa.

Kisha yaandikeni majibu mnayoyatarajia yasiyo sahihi. Utakuta "mawingu yanagonga mlima yanapasuka mvua inanyesha". Msahihishaji mpole atatoa tatu, mkali sifuri. Jedwali liamue: "kugonga na kupasuka" halipati alama ya kupanda wala ya kupoa, ila kama ametaja kwamba mvua iko upande unaokabili upepo, moja yake apewe. Vivyo hivyo, anayetoa sababu ya kuishi kusini kwa kuandika "kuna mvua nyingi" amenakili swali. Akiendelea "hivyo migomba hustawi bila kumwagilia", hapo amefafanua, apewe alama ya ufafanuzi pekee. Na akishapewa hiyo ya migomba, asilipwe tena akiirudia kwenye hoja ya udongo.

Aliyeandika sababu tano wakati zimetakiwa mbili? Msahihishaji asome mbili za kwanza. Kuchagua zilizo bora ni kumtuza anayebahatisha, ila kanuni hiyo watahiniwa waambiwe mapema kwenye maelekezo ya karatasi.

Kabla ya rundo lote, chukueni karatasi chache za viwango tofauti, mzitoe nakala, walimu wawili wazisahihishe kila mmoja peke yake bila kuandika kwenye karatasi halisi. Linganisheni safu kwa safu, siyo jumla, maana 8 kwa 8 inaweza kuficha mmoja aliyetoa nyingi kwenye mchoro na mwingine kwenye sababu. Wakitofautiana kwenye safu ileile mara kwa mara, kosa liko kwenye maneno ya safu hiyo. Iandikwe upya, iwekwe tarehe, na kama kuna karatasi zilizokwisha sahihishwa, zirudiwe kwa safu hiyo peke yake.