Picha ya fomu ya mtandaoni: kupunguza kilobaiti bila kuutia uso ukungu

Dhana potofu iliyoenea kuliko zote ni kwamba faili la picha likipunguzwa uzito, uso hauna budi kuingia ukungu. Ukweli ni kwamba picha ya kilobaiti 50 inaweza kuonyesha macho, nyusi na mpaka wa nywele bila shida yoyote. Kinachouharibu uso kwa kawaida ni mtu kupunguza ubora mahali ambapo alipaswa kupunguza idadi ya pikseli.

Tuchukue picha iliyopigwa kwa simu, yenye upana wa pikseli 3000 na urefu wa pikseli 4000, na faili lake lina megabaiti tatu na ushei. Fomu inataka JPEG ya pikseli 413 kwa 531, isiyozidi kilobaiti 50. Wengi hukimbilia programu ya kubana picha na kuteremsha ubora hadi faili litoshe. Sasa, JPEG huigawa picha katika vigae vidogo vya pikseli 8 kwa 8, na kila kigae huhifadhiwa kivyake. Picha yetu ina vigae 187,500. Ukivigawia baiti 50,000, kila kimoja hakipati hata theluthi ya baiti, kiasi kisichotosha kuhifadhi rangi ya wastani ya kigae, sembuse ukope. Ndiyo maana hata ubora ukiteremshwa hadi mwisho, faili hugoma kufika kwenye kikomo, na mashavu yameshakuwa miraba miraba.

Njia iliyo sahihi huanza kwa kukata. Kata picha ibaki kichwa na mabega, tuseme pikseli 2100 kwa 2700, kwa kuwa uwiano huo unalingana na ule wa 413 kwa 531, na hivyo uso hautavutwa wala kubanwa upande. Kisha punguza vipimo hadi 413 kwa 531. Vigae vilivyobaki ni takriban 3,480, na baiti zile zile 50,000 sasa zinampa kila mmoja wao, kama naruhusiwa kuvisema kama watu, baiti 14 hivi. Hapo ndipo ubora unapoguswa, na mara nyingi huhitaji kuteremshwa kidogo tu. Anayetumia ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, anaweza kuimaliza kazi hiyo, baada ya kukata, kwa amri moja:

```
magick uso.jpg -auto-orient -resize 413x531 -strip -define jpeg:extent=48KB fomu.jpg
```

Nimeandika 48 badala ya 50 kwa makusudi, kwa sababu mifumo mingine huhesabu kilobaiti kuwa baiti 1000 na mingine 1024, na faili lililogusa kikomo hukataliwa bila maelezo. Sehemu ya `-strip` huondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, pamoja na kijipicha ambacho simu huweza kukipachika humo. `-auto-orient` hutangulia ili picha isije ikalala ubavu taarifa hizo zikishafutwa.

Dhana ya pili ni kwamba kubadilisha DPI kutoka 300 hadi 72 hupunguza uzito wa faili. Namba hiyo, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi, huielekeza printa tu. Idadi ya pikseli ikibaki ile ile, uzito nao unabaki ule ule.

Dhana ya tatu inanikera zaidi, kwa kuwa hutolewa kama ushauri wa kirafiki: jitumie picha kwa programu ya ujumbe, uipakue, itakuwa nyepesi. Ni kweli itakuwa nyepesi, lakini imeshabanwa mara moja kwa kipimo ambacho hukukichagua, nawe utaikata na kuibana tena. Kila ubanaji huacha makovu yake, na ubanaji unaofuata huyahifadhi makovu hayo kana kwamba ni sehemu ya uso. Rudi kwenye picha ya asili kila unapojaribu upya, na uhifadhi toleo jipya kwa jina jingine.

Wapo pia wanaokata uso kutoka kwenye picha ya kundi, wakapata pikseli 150 kwa 193, kisha wakaikuza ifikie kipimo kinachotakiwa. Fomu itaipokea, lakini kukuza hakuongezi undani ambao kamera haikuunasa. Picha hiyo inahitaji kupigwa upya.

Kabla ya kupakia, ifungue picha kwa ukubwa wa asilimia 100, kwa maana picha ndogo iliyotanuliwa ijaze kioo itaonekana na ukungu hata kama ni nzima. Tazama kope, kisha mstari wa taya unapokutana na ukuta wa nyuma. Ukiona vijimraba au vumbi linalotetemeka kando ya mstari huo, ubora umeteremshwa kupita kiasi. Ukiona mstari laini usio na ncha wala vijimraba, tatizo lilikuwepo tangu kamera ilipofyatuliwa.