Barua ya dada wa kazi anayeomba siku za kwenda kwao: andika ni likizo gani, siku ngapi, unarudi lini

Ofisini kwetu hapa Mwanza barua za namna hii hutufikia zikiwa zimechelewa, mtu ameshagombana na mwajiri wake. Nyingi zina mstari mmoja tu wa maana: "Naomba siku chache nikasalimie nyumbani." Neno hilo "chache" ndilo linaloleta ugomvi. Dada anawaza mwezi, mama mwenye nyumba anawaza siku nne, na hakuna aliyeandika kama siku hizo zina mshahara au hazina.

Chukua mfano wa dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi Nyegezi, kwao Muleba mkoani Kagera. Alianza kazi tarehe 4 Machi 2024. Mei 2025 alikuja na karatasi ya daftari aliyoiandika mwenyewe, akataka tumsaidie kuinyoosha kabla hajaipeleka kwa mwajiri. Tulianza kwa kuhesabu, maneno tukayaacha kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimtengi mfanyakazi wa nyumbani. Kila baada ya miezi 12 ya kazi mfululizo kwa mwajiri mmoja, ana likizo ya siku zisizopungua 28 yenye malipo. Aliye chini ya miezi sita hajafikia haki ya likizo ya malipo. Huyo anaomba ruhusa, na aseme hivyo. Dada wa Nyegezi alikuwa amemaliza mwaka wake tarehe 3 Machi 2025, kwa hiyo siku zake 28 zilikuwa zimeiva.

Lakini Novemba 2024 mama yake aliugua, naye akaomba siku tano aende Muleba. Mwajiri alimpa na hakumkata mshahara. Dada alidhani hizo ni siku za msiba na ugonjwa ambazo sheria inazitoa pembeni. Hapa watu wengi huteleza. Siku nne za malipo zilizo nje ya likizo ya mwaka hutolewa mtoto wa mfanyakazi akiugua au akifariki, au akifariki mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Ugonjwa wa mzazi haumo kwenye orodha hiyo. Tena hizo siku nne ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata misiba ikiwa miwili. Zaidi ya hapo ni ridhaa ya mwajiri na hazina malipo. Kwa mtu anayetoka Mwanza kwenda kuzika Muleba, siku nne ukitoa safari mbili zinabaki kiduchu, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Siku tano za Novemba, basi, zilikuwa ruhusa yenye malipo aliyoiomba mwenyewe, na sheria inamruhusu mwajiri kuzitoa kwenye zile 28. Zikabaki 23. Dada hakufurahi. Nikamwambia azitaje yeye mwenyewe ndani ya barua, kwa sababu akizificha na mwajiri akazikumbuka, hata hizo 23 zitatiliwa shaka.

Hesabu ya pili ilikuwa ya tarehe. Alitaka kuondoka Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, na kwa siku zile 23 akaandika kwenye karatasi yake kwamba atarudi kazini tarehe 30 Juni. Tulipomuuliza amefikaje huko, kumbe aliruka Jumapili zote na sikukuu ya Idd el Hajj iliyoangukia tarehe 7. Siku za likizo huhesabiwa mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwa ndani. Siku 23 kuanzia tarehe 2 zinaishia tarehe 24 Juni, na kazini ni tarehe 25. Tofauti ni siku tano. Kwa hesabu yake mwenyewe angekuwa yuko Muleba na amani yake, huku Nyegezi anahesabiwa mtoro.

Barua iliyotoka ilikuwa fupi hivi:

"Nyegezi, Mwanza. 5 Mei 2025.

Mama, shikamoo. Natumaini nyote hamjambo.

YAH: KUOMBA LIKIZO YA MWAKA

Nilianza kazi kwako tarehe 4 Machi 2024 na mwaka wangu ulitimia tarehe 3 Machi 2025. Naomba likizo yangu ya mwaka niende nyumbani Muleba kuwaona wazazi na mtoto wangu. Siku ni 28. Nikitoa siku tano ulizonipa Novemba mama alipougua, zimebaki 23. Naomba nianze tarehe 2 Juni, nimalize tarehe 24 Juni, na tarehe 25 Juni asubuhi niwe kazini.

Naomba mshahara wa siku za likizo niupate kabla sijasafiri. Kuhusu nauli, naomba tuzungumze. Kama tarehe hizi hazikufai, naomba uniandikie tarehe nyingine.

Ni mimi binti yako," kisha jina na sahihi.

Wengine hushangaa tuliiacha ile "shikamoo" na "binti yako" kwenye barua ya kikazi. Ndivyo wanavyoongea nyumbani kwao kila siku. Barua kavu ya "Rejea kichwa cha habari hapo juu" ingemfanya mama aulize dada kaambiwa nini huko mjini. Adabu haifuti tarehe.

Ombi la mshahara kabla ya safari si la kubembeleza: malipo ya siku za likizo hutolewa kabla likizo haijaanza. Yakishalipwa na dada akaondoka, mwajiri haruhusiwi kumwita arudi afanye kazi katikati ya likizo, hata kama wageni wamejaa sebuleni.

Mstari wa mwisho, ule wa "uniandikie tarehe nyingine", ndio nilioupigania zaidi. Wakati wa kwenda likizo hupangwa na mwajiri, kwa hiyo anaweza kusema Juni haiwezekani. Asichoweza ni kusogeza bila kikomo. Likizo inapaswa kuchukuliwa ndani ya miezi sita tangu mwaka wa kazi ulipoisha. Kwa dada huyu ni kabla ya kupita tarehe 3 Septemba 2025. Kuvuka hapo kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi na sababu ya msingi ya kazi yenyewe, na hata hivyo haipiti miezi 12. "Subiri kwanza tutaona" ambalo halina tarehe ndilo linalokula likizo za watu.

Barua iandikwe nakala mbili. Moja abaki nayo mama, nyingine aandike "nimepokea", tarehe na sahihi, dada aitunze kwenye begi lake, asiiache kwenye droo ya jikoni. Wengi hawana hata mkataba wa maandishi, na siku shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nakala hiyo inaonyesha lini aliomba na aliomba nini. Mama akikataa kusaini, ujumbe wa simu wenye maneno yaleyale na tarehe zilezile unasaidia, mradi usifutwe.

Huyu hakufika huko. Nakala yake ilirudi siku ya tatu ikiwa na maandishi ya kalamu nyekundu chini ya sahihi: "Nimepokea. Idd tuna wageni, anza tarehe 9." Siku 23 kuanzia tarehe 9 Juni zinaishia tarehe 1 Julai. Dada alichukua kalamu hapohapo mezani kwetu, akaandika pembeni: "Kazini tarehe 2 Julai."