Gesi inanuka na sijui inatokea wapi: maswali mliyotuuliza dukani

"Mtungi wa kilo 6 ulikuwa unanipeleka mwezi mzima, sasa wiki mbili umeisha, na asubuhi nikiamka nasikia kaharufu. Niliuziwa gesi nusu?"

Inawezekana, lakini hiyo harufu ya asubuhi ndio inatupa shaka. Gesi yenyewe hainuki, ule uvundo wa kabichi iliyooza huwekwa makusudi ndio uijue ikitoroka. Kuna mama wa mtaa wa Pipeline alikuja na kesi kama hii, tukamwambia abebe mtungi na jiko vyote. Tukachanganya sabuni ya vyombo na maji kidogo hadi povu likawa zito, tukafungua mtungi huku vifungo vyote vya jiko vimezimwa, tukapaka na sponji pale regyuleta inaingilia mtungi, kimya. Tukapaka mpira wote, kimya. Tulipofika mwisho wake nyuma ya jiko, mapovu madogo madogo yakaanza kufura, yakipasuka mengine yanakuja. Mpira ulikuwa umekauka ukapasuka, na badala ya klipu ya chuma kulikuwa na waya umezungushwa, sijui ni fundi gani huyo. Tukamwekea mpira mpya na klipu mbili, tukapaka sabuni tena, hakuna povu.

Wewe fanya hivyo hivyo, halafu ufunge mtungi, utoe regyuleta upake pia mdomo wa mtungi, povu likitoka hapo usijaribu kuurekebisha, upeleke nje ukiwa wima halafu urudishe ulikonunua. Na tafadhali sio kiberiti, kuna watu bado wanatafuta liki na kiberiti!

"Nikikuta nyumba imejaa harufu nifanye nini? Dirisha huwa liko wazi."

Dirisha la bedsita mara nyingi liko juu, na gesi ni nzito kuliko hewa, inashuka na kulala sakafuni, chini ya kitanda, kwa kona. Kwa hivyo fungua mlango kabisa, funga mtungi kama unaufikia bila kukaa hapo, toa watu wote nje na ungoje. Usiguse swichi, si kuwasha si kuzima, cheche ni ile ile, na simu pigia huko nje. Pia usiseme harufu imeisha eti kwa sababu huisikii tena, pua huzoea, uliza mtu aliyekuwa nje.

"Na hii baridi ya Julai lazima nifungue dirisha nikipika?"

Ndio, hata kama hakuna liki. Moto ukiwa wa bluu uko sawa, ukianza kuwa wa njano na sufuria zinapata masizi, gesi haiungui vizuri na inatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu kabisa. Kichwa kikikuuma ukipika halafu kipoe ukitoka nje, zima jiko, acha mlango wazi, na usiliwashe tena kabla halijasafishwa matundu.